Anayetoka Meksiko siye anayerudi: hesabu ya kipepeo monaki

Kila mwaka ikifika mwanzoni mwa Novemba, milima ya katikati ya Meksiko, kwenye jimbo la Michoacán na upande wa jimbo la Meksiko, inapokea wageni mamilioni. Ni vipepeo wa rangi ya chungwa na mistari myeusi, wanaoitwa monaki, wanatua kwenye miti ya misonobari huko juu mita kama 3,000 na kuning'inia kwa makundi mpaka matawi yanainama. Wametoka kaskazini mwa Marekani na kusini mwa Kanada, wengine wamepiga kilomita zaidi ya 3,000, na kila mmoja ana uzito wa nusu gramu tu. Hii ndo sehemu ambayo kila mtu anaisimulia, afu inafuata ile sentensi ya kwamba safari nzima ya kwenda na kurudi inachukua vizazi vinne, hamna kipepeo hata mmoja anayeimaliza, watu wanashangaa, stori imeisha.

Mi naona stori inakatwa pale inapoanza kunoga. Swali la maana ni kwamba kwanini iwe hivyo, manake huyu kipepeo wa Novemba ameshathibitisha ana uwezo wa kuruka kilomita elfu tatu, sasa machi ikifika kwanini asigeuze tu akarudi alikotoka kama mbayuwayu anavyofanya? Na watu wengi wanaoelezea wanakimbilia kusema ni mbio za kupokezana vijiti, kwamba kila kizazi kinamkabidhi mwenzake. Mfano mzuri masikioni ila unapotosha, sababu kwenye kupokezana vijiti wakimbiaji wote wanajua kuna mbio na wanajua mwisho uko wapi. Hapa hamna anayejua, na hamna anayekabidhi kitu, mama akishataga anaondoka na watoto wake hatawaona kabisa.

Tuanze na mama mmoja tumfuate. Februari inapoisha jua linakuwa kali kidogo kule mlimani, vipepeo wanaanza kupandana, na kati kati ya machi wanashuka na kuelekea kaskazini. Huyu mama ana miezi sita hivi tangu atoke kwenye pupa, rangi imepauka, mabawa yamechanika pembeni, mafuta aliyoyaweka mwilini msimu wa vuli ameyatumia miezi minne yote ya baridi. Anaruka zaidi ya kilomita 1,000 anafika Teksas mwishoni mwa machi, na hapo anakuta kitu alichokuwa anakitafuta, machipukizi ya mmea wenye utomvu mweupe kama maziwa, hapa niuite gugu la utomvu. Kiwavi wa monaki hali kitu kingine duniani zaidi ya mimea ya jamii hiyo. Mama anatua, anaugongagonga jani kwa miguu ya mbele, hiyo miguu ndo inaonja, akiridhika anakunja tumbo na kubandika yai moja chini ya jani, dogo kama kichwa cha pini, anahamia mmea mwingine. Hivyo hivyo mpaka mayai mia kadhaa yanaisha, na yeye anaisha.

Yai linaanguliwa ndani ya siku nne hivi kukiwa na joto, kukiwa na ubaridi linachelewa. Kiwavi anakula ganda lake kwanza, afu anakabiliana na tatizo kubwa la maisha yake, kwamba chakula chake kinatoa gundi. Akikosea kung'ata utomvu unamganda mdomoni na wengi wanafia hapo hapo wakiwa na siku moja. Anayepona ni yule anayetafuna mfereji wa duara kwanza, utomvu unavuja nje, ndipo anakula katikati ya duara palipokauka. Baada ya wiki mbili amekuwa mkubwa kama kidole cha mtoto, anageuka pupa, siku kumi hivi anatoka kipepeo. Jumla mwezi mmoja, na masika ya Teksas ambayo bado yana ubaridi inaweza kufika wiki tano au sita.

Kwa hiyo mtoto wa yule mama anatoka mwanzoni mwa mei. Huyu haishi miezi minane kama mama yake, anaishi wiki mbili mpaka sita tu, na wiki hizo anaelekea kaskazini, Ayowa, Wiskonsin, Minesota, mpaka Ontario, anataga huko mwishoni mwa mei. Wajukuu wanatoka mwishoni mwa juni, wao wanabaki huko huko kaskazini wanazaana tu na kutawanyika. Vitukuu wanatoka mwanzoni mwa agosti, wanataga. Na mayai hayo ya agosti yanatoa vilembwe mwanzoni mwa septemba, na hawa ndo wanaenda Meksiko, kwenye milima ile ile, sehemu nyingine mti ule ule, ambayo mara ya mwisho aliyeiona ni mama mzaa bibi wa mama yao au zaidi. Mwaka mwingine vizazi vinakuwa vitatu, mwingine vitano, inategemea joto na tarehe ya kuanza, ila picha ni hiyo.

Sasa mtu mwenye akili atauliza, mmejuaje? Na ni swali zuri sana, sababu kwa muda mrefu wataalamu wenyewe walikuwa wanabishana. Fred Urquhart wa Chuo Kikuu cha Toronto alitumia miaka mingi kubandika vijikaratasi vyenye namba kwenye mabawa, na mapema januari 1975 watu waliokuwa wanamsaidia, Ken Brugger na Catalina Aguado, walifika kwenye msitu wenyewe kule Meksiko. Mwaka uliofuata Urquhart alipofika mwenyewe alimkuta kipepeo mwenye kijikaratasi kilichobandikwa Minesota agosti 1975. Hiyo ikamaliza ubishi wa kwenda. Kurudi je? Kulikuwa na mawazo mawili, moja likisema wale wale wa Meksiko wanaruka mpaka kaskazini kabisa huku wanataga njiani, lingine likisema wanaishia kusini na watoto wao ndo wanaendelea. Ukisimama Minesota mwezi wa sita ukamwona monaki, ni mama au ni mtoto? Kwa kumtazama mabawa unaweza kukisia, mzee kachakaa na kijana anang'aa, lakini kukisia siyo ushahidi.

Waliotatua hili ni Stephen Malcolm, Barbara Cockrell na Lincoln Brower, na njia yao mimi huwa naipenda kuliko hata yale mambo ya dira yao nitakayoyafikia mbele. Gugu la utomvu lina sumu ya moyo, kiwavi anaila na kuihifadhi mwilini, na kipepeo anabaki nayo mpaka mwisho wa maisha, ndo maana ndege wengi wakimwonja wanamtapika. Ila kila aina ya gugu ina mchanganyiko wake wa sumu hizo. Ukimsaga kipepeo, ukazitenganisha kemikali zake kwenye maabara, unapata safu ya madoa ambayo inakwambia huyu alipokuwa kiwavi alikula mmea gani, na mimea ya kusini siyo ile ya kaskazini. Wakachukua waliokuwa Meksiko kipindi cha baridi, wengi mno wana alama za gugu la kaskazini, sawa, wamezaliwa kaskazini. Wakachukua waliofika Teksas na majimbo ya kusini mapema masika, mabawa yamechakaa, alama za kaskazini, kwa hiyo ni wale wale wazee wa Meksiko. Wakachukua waliofika kaskazini mwishoni mwa masika, mabawa mapya na alama ni za magugu ya kusini. Basi. Hawa walikuwa viwavi kusini wiki chache tu zilizopita, ni watoto. Matokeo yakachapishwa 1993, na vipimo vilivyokuja baadaye vya kupima uzito wa atomi za haidrojeni na kaboni kwenye mabawa vikaunga mkono, huku vikionyesha kwamba wazee wachache huwa wanafika mbali zaidi kuliko wenzao. Kwa hiyo ile sentensi ya hamna hata mmoja anayemaliza ni kweli kwa ujumla wake, lakini msiichukue kama kuna ukuta pale Teksas.

Turudi kwenye kwanini. Jibu la haraka ni kwamba mama amechoka, na ni kweli amechoka, ila kuchoka peke yake hakuelezi kitu kwasababu angeweza kuumbwa na mafuta zaidi. Jibu lenyewe liko kwenye gugu. Machi gugu limechipua Teksas na halijachipua Minesota, kule bado kuna baridi ya kuua, na linachipua kidogo kidogo kupanda kaskazini mpaka katikati ya mei. Mama anayetaka kurudi mpaka nyumbani inabidi asubiri au apite juu ya chakula cha bure ambacho bado hakina wadudu wengi wa kukigombania. Anayeanza kutaga hapo hapo anapata kizazi kizima cha ziada.

Na kizazi cha ziada siyo kitu kidogo. Tuchukue mfano wa kukadiria tu: mama anataga mayai 400, na kwenye kila mia anapona mmoja, wengine wanaliwa na sisimizi, buibui, nyigu, au wanafia kwenye utomvu. Wanabaki wanne, tuseme majike wawili. Mei majike wawili, juni wanne, agosti wanane, septemba kumi na sita, na madume kumi na sita, jumla 32 wanaoelekea Meksiko kutoka kwa mama mmoja. Sasa mama mwingine aruke moja kwa moja mpaka Wiskonsin ndo aanze kutaga mwishoni mwa mei, amepoteza kizazi kimoja, ana 16. Hapo hata sijahesabu wanaokufa njiani kabla ya kutaga, na mdudu mwenye mabawa yaliyochanika kila siku anayoahirisha kutaga anacheza kamari. Ukoo wa anayesimama unaujaza msitu, ukoo wa anayepita unapungua kila mwaka. Hakuna aliyepanga safari ya vizazi vinne, kila jike alifanya lililomlipa yeye kwa watoto wake, na ukiziunganisha hatua zao ndo inatokea duara kwenye ramani.

Upande wa pili wa hesabu ni kwanini wasibaki Teksas basi. Kiangazi Teksas kinakuwa cha moto mno kwa viwavi na magugu mengi yanazeeka na kukauka, kwa hiyo anayezaliwa mei akibaki watoto wake watakosa chakula. Na kwanini wasibaki kaskazini? Monaki hawezi kupita baridi ya kule, si yai, si kiwavi, si pupa, si mkubwa, wote wanakufa kwenye barafu. Kule kaskazini anaenda kuchuma tu.

Hapo ndo wale vilembwe wa septemba wanapokuwa tofauti, na hapa napo naona watu wanatia chumvi, wanawaita kizazi maalumu, kizazi cha ajabu, kana kwamba ni aina nyingine ya kipepeo. Jeni zao ni zile zile za vitukuu wa agosti. Tofauti ni mazingira aliyokulia kiwavi: siku zinafupika, usiku una baridi na mchana joto, majani ya gugu yamezeeka. Karen Oberhauser na Liz Goehring walionyesha mwaka 2002 kwamba dalili hizo tatu zikija kwa pamoja ndo zinasukuma wengi zaidi, moja peke yake haina nguvu hiyo. Kipepeo akitoka kwenye hali hiyo mwili wake unatoa kidogo sana ile homoni ya ujana inayoamsha uzazi, jike ukimpasua tumboni hana mayai yaliyokomaa. Asipozaa anaishi muda mrefu. Hilo lilipimwa pia, vipepeo wa kiangazi wakitolewa kitezi kinachotengeneza homoni hiyo maisha yao yanarefuka sana, na wale wa vuli wakipakwa homoni maisha yanafupika. Kwa hiyo miezi minane haikutoka kwenye damu ya pekee, ilitoka kwenye kuahirisha uzazi. Njiani wanakunywa maua ya vuli na unakuta wanafika Meksiko wanene kuliko walivyoondoka, na mafuta hayo ndo yatawafikisha machi, ilimradi msitu uwe na ubaridi wa kutosha wasiyachome haraka na usiwe wa kugandisha wakafa. Pale juu mita 3,000 chini ya misonobari ndo hali hiyo inapatikana, sehemu nyingine ni chache.

Sasa tuje kwenye swali linalowasumbua wengi, njia wanaijuaje. Nyumbu wa Serengeti ndama anamfuata mama yake na wakubwa waliowahi kupita. Kilembwe wa septemba hana wa kumfuata, waliowahi kwenda wamekufa miezi ya nyuma. Anachorithi ni masharti machache. Sharti moja ni jua: anajua pembe ya kuruka kulinganisha na jua, na ana saa inayorekebisha pembe hiyo kadri jua linavyosogea, na mwaka 2009 Christine Merlin, Robert Gegear na Steven Reppert walionyesha kwamba saa hiyo iko kwenye antena, wakizipaka rangi nyeusi mwanga usiingie kipepeo anaruka bado ila marekebisho yake yanaharibika.

Sharti la pili ndo linalogeuza mwelekeo, na lilipatikana kwa jaribio rahisi kulielezea. Kuna chombo kama pipa lililo wazi juu, kipepeo anafungwa kwenye waya mwembamba katikati, hewa inapulizwa kutoka chini, anaruka bila kwenda popote huku kompyuta inarekodi anaelekea wapi. Patrick Guerra na Reppert mwaka 2013 waliwakamata monaki wa vuli, ambao wote walitakiwa kwenda kusini, wakawaweka kwenye baridi kama ya mlimani Meksiko kwa siku 24, wakawarudisha kwenye pipa. Wakaelekea kaskazini. Wengine wakawekwa mpaka machi kwenye hali ya vuli bila kuonja ile baridi, na machi hiyo, wakati wenzao wa porini wanarudi, hawa bado walikuwa wanaelekea kusini. Kumbe msitu ule siyo kituo cha kupumzikia tu, baridi yake ndo inayopindua usukani, na tukiangalia joto linavyopanda milimani hilo linanitisha kuliko mambo mengi.

Maana ukishaelewa kwamba safari imeandikwa kwa masharti, unaelewa pia inaharibikaje. Mfano ni majimbo ya kusini mwa Marekani, watu wenye nia njema wamepanda bustanini gugu la utomvu la tropiki, lina maua mekundu na njano ya kuvutia, na sehemu zisizo na barafu halifi msimu wa baridi. Kipepeo wa vuli akipita hapo akakuta majani mabichi, wengine wanaanza kuzaa novemba. Safari imekufa hapo. Mbaya zaidi kuna kimelea kinachoacha vumbi la mbegu zake kwenye majani, kiwavi anakila, na kwenye mmea usiokufa kinarundikana kizazi baada ya kizazi. Dara Satterfield na wenzake waliripoti mwaka 2015 kwamba wanaozaliana hapo kipindi cha baridi wanaugua zaidi sana kuliko wanaohama. Safari yenyewe ilikuwa inawachuja, mgonjwa hafiki, na majani ya zamani yanakufa na vimelea vyake. Ushauri unaotolewa ni kukata gugu hilo mpaka chini ikifika vuli, au kupanda la asili ya eneo.

Mnyororo huu una nguvu yake pia, na hapa sikubaliani na wanaosema safari ya vizazi vingi ni dhaifu kuliko ya mnyama mmoja. Januari 2002 mvua na baridi kali viliwaua karibu robo tatu ya vipepeo kwenye makundi makubwa ya Meksiko, walilowa kisha wakaganda, chini ya miti walilala kama zulia. Msimu uliofuata eneo lililofunikwa na vipepeo lilikuwa zaidi ya hekta 7, siyo mbali sana na kabla ya janga. Vizazi vya kiangazi vilifidia. Kinachowamaliza ni pale kiangazi chenyewe kinapokosa pa kuzalia: mashamba ya mahindi na soya ya katikati ya Marekani yalikuwa na magugu ya utomvu katikati ya mistari, zikaja mbegu zinazovumilia dawa ya kuua magugu, dawa ikapulizwa shamba zima, gugu likatoweka. Hekta 18 za msimu wa 1996 na 1997 zikashuka mpaka 0.67 msimu wa 2013 na 2014. Ikapanda ikashuka, msimu wa 2023 na 2024 ikawa 0.9. Ukirudi kwenye ile hesabu yetu, kwenye kila mia akipona nusu ya mmoja badala ya mmoja, mama mmoja anazaa jike mmoja tu, na vizazi vinne baadaye bado una jike mmoja, huna kumi na sita.

Na wapo wanaofikiria suluhisho ni kuwafuga majumbani na kuwaachia. Utafiti wa Ayşe Tenger-Trolander na wenzake mwaka 2019 ulikuta monaki wa wafugaji wa biashara hawaelekei kusini kwenye pipa, na hata watoto wa vipepeo wa porini waliolelewa ndani wengi walipoteza mwelekeo. Miaka miwili baadaye watafiti wa Kanada wakawafunga waliolelewa ndani vifaa vidogo vya redio wakawaachia porini, na wengi wakaelekea kusini vizuri tu, hata kama kwenye pipa walifeli. Mi nadhani matokeo haya mawili hayagongani sana: sharti la jua linaweza kujirekebisha akipata anga halisi kwa siku kadhaa, lakini ukoo uliofugwa vizazi na vizazi bila safari hauna kinachomchuja asiyehama. Mwenye watoto nyumbani akafuga viwavi viwili vitatu aliowaokota bustanini hajaharibu kitu. Ila kuagiza mamia kwa kifurushi ili warushwe harusini, hapana.